Maji, spiriti, asetoni au heksani: uchague kiyeyushi kipi?

Kidato cha tatu wanapofika kwenye zoezi la kutoa rangi ya majani ya mchicha, swali huwa ni lile lile. Mezani kuna chupa nne, na mwanafunzi amesimama na kinu chenye majani yaliyopondwa: "Mwalimu, niweke ipi?" Nikimjibu tu aweke asetoni, rangi itatoka na yeye ataondoka bila kujua kwa nini imetoka. Wiki inayofuata nikimpa choya badala ya mchicha, atakimbilia asetoni ile ile, wakati safari hii maji ya bomba yangemtosha kabisa.

Chupa zenyewe ni maji, ethanoli (ambayo dukani tunaiita spiriti), asetoni, ambayo vitabu huiita propanoni, na heksani. Zote ni vimiminika visivyo na rangi, na ukiondoa lebo utazitofautisha kwa harufu tu. Hakuna hata moja inayofaa kila kazi. Ila ukishajua molekuli za kila moja zinashikana vipi, utaweza kuchagua mwenyewe bila kumuuliza mtu.

Tunazipima kwa nini

Nitazipima kwa mambo matatu. La kwanza, molekuli zake zinashikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu gani? Hilo ndilo linaloamua kiwango cha kuchemka. La pili, zinaweza kumshika mgeni wa aina gani? Hilo ndilo linaloamua kinachoyeyuka ndani yake. La tatu, hatari yake na urahisi wa kuipata.

Wanafunzi wengi huchanganya la kwanza na la pili. Wanaambiwa kwamba molekuli yenye ncha huchemka juu na huyeyuka kwenye maji, wanayakariri kama jambo moja, kisha mtihani unawaumbua. Kuchemka ni habari ya molekuli na ndugu zake. Kuyeyuka ni habari ya molekuli na wageni. Majibu ya maswali haya mawili mara nyingi hayafanani, kama tutakavyoona kwenye chupa ya tatu na ya nne.

Tuanze na hizo ncha. Oksijeni huvuta elektroni kuliko haidrojeni. Kwenye kipimo cha Pauling ina 3.4 na haidrojeni ina 2.2. Kwa hiyo zikiungana, upande wa oksijeni unakuwa hasi kidogo na upande wa haidrojeni unakuwa chanya kidogo. Huo ndio upolari: molekuli ina ncha mbili, kama sumaku. Kaboni ina 2.6, karibu sawa na haidrojeni, na ndiyo maana mnyororo wa kaboni na haidrojeni hauna ncha za kutajika. Umbo nalo lina neno lake. Molekuli ya maji imepinda, ncha zake hazifutani. Molekuli ya kaboni dioksaidi imenyooka, na mivuto ya oksijeni zake mbili inafutana.

Sasa chukua molekuli tatu zenye uzito unaokaribiana. Butani, iliyomo kwenye mtungi wa gesi ya kupikia, ina masi ya 58 na inachemka kwenye nyuzi hasi 1. Asetoni nayo ina 58, inachemka kwenye 56. Propan-1-ol ina 60, inachemka kwenye 97. Uzito ni karibu mmoja, lakini kutoka ya kwanza hadi ya mwisho kuna karibu nyuzi mia.

Butani haina ncha za kudumu. Elektroni zake zinapoyumba upande mmoja kwa nukta ya sekunde, ncha ya muda inazaliwa, inaamsha nyingine kwa jirani, na molekuli hizo mbili zinavutana kidogo. Mvuto huu wa muda unapatikana kwenye kila molekuli duniani, ila kwa butani ni huo tu. Asetoni ina mvuto huo pamoja na wa ncha kwa ncha, unaotoka kwenye oksijeni yake. Propan-1-ol imeongeza cha tatu, bondi ya haidrojeni: haidrojeni iliyofungwa moja kwa moja kwenye oksijeni inabaki karibu uchi, na oksijeni ya jirani inaing'ang'ania.

Jina hilo la bondi linapotosha watu. Maji yanapochemka, vifungo vya O–H ndani ya molekuli havikatiki. Mvuke unaotoka kwenye birika bado ni H₂O. Kinachoachia ni mshiko kati ya molekuli na molekuli. Kugeuza moli moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 41 hivi, ilhali kukata moli moja ya vifungo vya O–H kunahitaji kama 463. Mwanafunzi anayeandika kwamba haidrojeni na oksijeni zinaachana maji yanapochemka amepoteza alama, na jiko lake lingekuwa linatengeneza gesi ya kulipuka.

Hizi hapa chupa zetu nne kwa ufupi. Nyuzi ni za usawa wa bahari, kama Mombasa au Dar es Salaam. Ukipima Nairobi utaona maji yanachemka kwenye kama 94, na nyingine nazo zitashuka. Usidhani kipimajoto ni kibovu.

| Kiyeyushi | Masi | Kuchemka | Mvuto mkubwa | Kwenye maji |
|---|---|---|---|---|
| Maji | 18 | 100 | bondi za haidrojeni | – |
| Ethanoli | 46 | 78 | bondi za haidrojeni | inachanganyika yote |
| Asetoni | 58 | 56 | ncha kwa ncha | inachanganyika yote |
| Heksani | 86 | 69 | mvuto wa muda tu | inaelea juu |

Maji

*Yanavyojishika.* Molekuli ya maji ni nyepesi kuliko zote mezani, lakini inachemka juu kuliko zote. Ina haidrojeni mbili za kutoa na sehemu mbili za kupokea kwenye oksijeni, hivyo inaweza kushikana na majirani hadi wanne.

*Yanachoyeyusha.* Chumvi, sukari, asidi, na rangi nyekundu ya choya. Gramu kama 36 za chumvi ya mezani zinayeyuka kwenye mililita 100, kwa sababu molekuli za maji zinaizunguka ioni ya sodiamu kwa ncha zao hasi na ioni ya kloridi kwa ncha zao chanya. Mafuta hayayeyuki, na hapa kuna kosa lililozoeleka: watu husema maji huyakimbia mafuta. Hayakimbii. Tone la mafuta hutanda juu ya maji kwa sababu mvuto kidogo upo. Tatizo ni kwamba molekuli za maji zinapendana zenyewe kupita kiasi, na kumpisha mgeni asiye na ncha katikati yao ni kupoteza mshiko mkubwa kwa kulipwa mdogo.

*Hatari na upatikanaji.* Hayashiki moto, na bei yake unaijua. Kasoro yake ni kwamba hukawia kukauka. Karatasi ya kromatografia, ile ya kutenganishia rangi, ikilowa maji itakusubirisha mpaka kengele ilie.

Ethanoli

*Inavyojishika.* Ina O–H moja, kwa hiyo bondi zake za haidrojeni ni chache kuliko za maji, na inachemka kwenye 78 ingawa ni nzito zaidi ya maradufu. Tofauti hiyo ya nyuzi 22 na maji ina kazi yake mezani: weka bika la ethanoli ndani ya beseni la maji yaliyotoka kuchemka, na ethanoli itachemka bila moto wowote karibu. Hata Nairobi inawezekana.

*Inachoyeyusha.* Ina sura mbili. Upande wa O–H unaongea na maji, na upande wa kaboni mbili unaongea na vitu visivyo na ncha. Ndiyo maana inatoa wino wa kalamu kwenye shati, inatoa umanjano wa bizari ambao maji yanaushindwa, na inatoa kijani cha majani ikiwa ya moto. Chumvi ya mezani haiyeyuki humo ila kidogo mno.

Hebu tusimame hapa kidogo, kwa sababu familia ya ethanoli inaonyesha vizuri jinsi maswali yetu mawili yanavyoachana njia. Ethanoli, yenye kaboni mbili, inachanganyika na maji kwa kiasi chochote. Butan-1-ol, yenye kaboni nne, inachemka juu zaidi, kwenye 118, lakini mililita 100 za maji zinapokea gramu kama 8 tu. Heksan-1-ol, yenye kaboni sita, inachemka kwenye 157, na gramu moja haimaliziki kuyeyuka kwenye maji hayo hayo. Kwa hiyo kuchemka kunapanda na kuyeyuka kunashuka, ilhali O–H ni ile ile moja. Mkia ukirefuka, mvuto wa muda kati ya mkia na mkia unaongezeka na molekuli zinashikana zaidi. Lakini mkia huo huo ni mzigo kwa maji, maana yanalazimika kuachana ili kuupisha na hayapati cha kushika.

*Hatari na upatikanaji.* Inashika moto, na kwenye chumba chenye joto mvuke wake tayari unatosha kuwaka. Inauzwa duka la dawa, lakini soma lebo. Mwaka mmoja nilinunua spiriti ya kusafishia mikono ya asilimia 70, nikaitumia kwenye mchicha, na darasa zima likapata maji ya rangi ya chai ya kijani iliyopauka. Spiriti haikuwa mbovu. Asilimia 30 iliyobaki ilikuwa maji, na maji yale yalikuwa yanaikataa klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Kwa kazi hii tafuta ya asilimia 95 hivi. Na ukitaka kuisafisha zaidi kwa kuikeneka, utakwama hapo hapo karibu na 95.6 kwa uzito, kwa sababu ikifika kiwango hicho ethanoli na maji huchemka pamoja kama kitu kimoja.

Asetoni

*Inavyojishika.* Ina oksijeni yenye ncha hasi kali, lakini haidrojeni zake zote zimefungwa kwenye kaboni. Hakuna hata moja iliyo uchi ya kutosha kuanzisha bondi ya haidrojeni. Asetoni kwa asetoni zinabaki na mvuto wa ncha kwa ncha, na zinachemka kwenye 56. Mimina matone mawili kwenye kiganja: ubaridi unaousikia ni molekuli zinazoondoka na joto la mkono wako.

*Inachoyeyusha.* Hapa ndipo wanafunzi hushangaa. Asetoni haiwezi kuanzisha bondi ya haidrojeni, lakini inaweza kuipokea. Ikikutana na maji, haidrojeni ya maji inaishika oksijeni ya asetoni, na vimiminika hivyo viwili vinachanganyika kwa kiasi chochote. Wakati huo huo, pembe zake mbili za kaboni na haidrojeni zinakubaliana na mafuta, rangi ya kucha, na klorofili. Kwa kijani cha majani sijaona ya kuishinda kati ya hizi nne: inapenya hata jani lenye unyevu, kwa sababu unyevu wa jani haiukatai.

*Hatari na upatikanaji.* Inashika moto kirahisi kuliko ethanoli, na inakula plastiki nyingi. Kikombe cha povu jeupe kinanywea ndani yake kama barafu juani, kwa hiyo tumia kioo. Dawa ya kutolea rangi ya kucha inaweza kutumika ikiwa lebo inasema ina asetoni. Nyingine hazina, na nyingine zimechanganywa na mafuta ya kulainisha ngozi, nayo yatabaki kwenye karatasi yako kama doa.

Heksani

*Inavyojishika.* Haina ncha. Ina mvuto wa muda peke yake. Kwa hesabu ya kukariri, ingepaswa kuchemka chini kuliko asetoni, lakini inachemka kwenye 69 na asetoni kwenye 56. Sababu ni ukubwa wake: kaboni sita zilizojipanga kwenye mnyororo zinagusana na jirani kwa urefu wote, na mivuto midogo mingi ikijumlishwa inaishinda mikubwa michache. Ndiyo maana "kuwa na ncha" kusitumike kukisia kiwango cha kuchemka kama masi hazikaribiani. Mafuta ya taa ni jamaa wa heksani wenye minyororo mirefu, na sehemu kubwa yake huchemka kati ya nyuzi 150 na 300 bila ncha yoyote.

*Inachoyeyusha.* Grisi, mafuta ya kupikia, nta, na karoteni, ile rangi ya machungwa ya karoti. Chumvi, sukari na choya hazigusi. Tone la iodini linaonyesha tabia yake vizuri: kwenye heksani iodini inakuwa zambarau safi, kama mvuke wake, kwa kuwa heksani haiishiki kwa namna ya pekee. Kwenye ethanoli inakuwa kahawia. Kwenye maji inayeyuka kidogo sana.

*Hatari na upatikanaji.* Inashika moto kwa urahisi kama asetoni, na mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu unadhuru neva za mikono na miguu. Fungua madirisha yote. Ni vigumu kuipata nje ya maabara. Kwa kusafisha grisi mafuta ya taa yanafanya kazi ile ile, ila harufu yake inakaa siku nzima, kwa sababu kinachochemka juu hukawia kuruka. Petroli usiiguse kwa kazi hii.

Chupa tatu kwenye bomba moja

Kabla ya kuchagua, fanya jaribio hili ukiweza, maana linaziweka karibu zote kwenye shindano moja. Ponda majani ya mchicha na mililita 10 za asetoni, chuja, umimine kwenye bomba kubwa la kioo lenye kizibo. Ongeza mililita 10 za heksani, kisha mililita 10 za maji yenye chumvi kidogo. Ziba, upindue taratibu mara kadhaa, na ufungue kizibo kila mara ili mvuke utoke.

Kabla ya maji, kijani kilikuwa kila mahali. Baada ya maji, tabaka mbili zinajitenga na kijani kinapanda juu, kwenye heksani. Chini kunabaki maji na sehemu kubwa ya asetoni, yakiwa yamepauka. Asetoni imeshikwa na maji kwa oksijeni yake, na pamoja sasa ni mahali pagumu kwa klorofili, ambayo ina ncha chache kichwani lakini mkia wake ni mnyororo wa kaboni 20. Mkia huo unaivuta kwenda juu.

Ukitikisa kwa nguvu utapata ukungu wa kijani usiojitenga. Usitupe. Ongeza chumvi kidogo, uache usimame dakika kumi. Na kama tabaka la chini bado ni la kijani, huenda asetoni ni nyingi kupita maji, basi ongeza maji.

Rudia kwa choya iliyolowekwa kwenye maji, ukiweka heksani juu yake. Wekundu haupandi hata kidogo. Molekuli ya rangi ya choya imejaa O–H kila upande, na heksani haina cha kuzishika.

Basi uchague ipi?

Kama unatengeneza kiashiria cha asidi na besi kwa choya, tumia maji ya moto. Hakuna sababu ya kununua kitu.

Kama unatoa kijani cha majani na shule ina asetoni, tumia asetoni. Kama haina, ethanoli ya asilimia 95 kwenye beseni la maji ya moto itafanya kazi, polepole zaidi. Ukishaitoa na unataka kuzitenganisha rangi kwenye karatasi, asetoni peke yake itazikimbiza zote pamoja hadi juu. Hapo changanya sehemu 9 za heksani na 1 ya asetoni: karoteni isiyo na ncha itatangulia, na klorofili b, yenye oksijeni moja zaidi ya klorofili a, itabaki nyuma ikiwa imeshikwa na karatasi.

Kwa shati lenye doa, angalia doa kabla ya chupa. Jasho na soda vinataka maji. Wino wa kalamu na bizari vinataka spiriti. Rangi ya kucha inataka asetoni, ila jaribu kwanza kwenye pindo, kwani vitambaa vya asetati vinayeyuka nayo. Grisi ya mnyororo wa baiskeli inataka mafuta ya taa kidogo, kisha sabuni, ambayo molekuli yake ina mkia wa kushika grisi na kichwa cha kushika maji.

Kama unataka harufu ya karafuu, chaguo ni gumu kidogo. Yujenoli, kiini cha harufu hiyo, inayeyuka vizuri kwenye ethanoli, na ukiloweka karafuu humo utapata mchanganyiko wenye nguvu lakini wenye spiriti ndani. Ukitaka mafuta yenyewe, fanya kama wanavyofanya Pemba kwa makonyo, yaani vikonyo vya karafuu: yapitishie mvuke. Yujenoli peke yake inachemka kwenye 254, lakini kwa kuwa haichanganyiki na maji, kila kimoja kinasukuma mvuke wake bila kujali mwenzake, na jumla yao inafikia shinikizo la hewa kabla ya nyuzi 100. Ukipoza, mafuta yanajitenga yenyewe na kuzama chini ya maji, kwa kuwa ni mazito kidogo kuyashinda. Maji hapa yamechaguliwa kwa sababu hayawezi kuyayeyusha.